Simu, namba au uzi mkononi: uchague njia ipi ya kulinganisha rangi na picha ukiwa Moshi

Mteja yuko Dar, wewe uko Moshi. Katuma picha ya blanketi la mtoto kwa WhatsApp na chini yake kaandika, "Naomba kama hili, rangi hizo hizo." Blanketi lina mistari ya damu ya mzee, krimu na kijani kilichofifia. Kufuma mistari mtu yeyote anaweza. Kazi iko kwenye hayo maneno "rangi hizo hizo", kwa sababu blanketi lenyewe hulioni, na rangi unayoiona wewe kwenye simu yako sio lazima iwe ile anayoiona yeye kwenye yake.

Kwa tunaofuma na kudarizi huku, njia ziko nne. Unaweza kushika simu mbele ya rafu dukani na kulinganisha kwa jicho. Unaweza kuichota rangi ya picha kwa programu ya simu ikupe namba. Unaweza kufuata namba ya uzi iliyoandikwa kwenye mchoro, kama ipo. Au unaweza kulinganisha na uzi halisi unaoshikika. Nitazipitisha zote kwenye blanketi hilo hilo, kisha loti, yaani mkupuo mmoja wa uzi kutiwa rangi kiwandani, kisha kudarizi, maana kwenye kudarizi mambo hayaendi sawa na kwenye kufuma.

Picha imeshabadilika kabla hujaifungua

Kamera ya simu haijui nyeupe ni ipi, inakisia. Inaangalia kilichomo kwenye picha, inaamua mwanga ulikuwa wa njano au wa bluu, halafu inasogeza rangi zote ili kuusawazisha. Picha ikiwa na vitu mchanganyiko, inakisia vizuri. Ikiwa blanketi jekundu limejaza picha nzima, kamera hudhani wekundu wote ule ni mwanga, na huupunguza. Ndiyo maana picha iliyopigwa karibu sana ili "rangi ionekane vizuri" mara nyingi ndiyo inayodanganya kuliko ile iliyopigwa kwa mbali na kuonyesha meza, ukuta na shuka.

Rangi nazo hazidanganyi kwa kiwango kimoja. Zambarau ndiyo korofi zaidi. Aliyewahi kupiga picha mijakaranda ya Arusha ikiwa imechanua anajua: machoni maua ni ya zambarau, kwenye simu yanatoka bluu. Uzi wa zambarau hufanyiwa vivyo hivyo. Nyekundu kali nayo hujaa hadi mikunjo ya uzi inapotea, sehemu nzima inakuwa bapa kama imepakwa rangi ya ukuta. Ukiona hivyo ujue kamera imefika mwisho wa uwezo wake na wekundu halisi huwezi kuusoma hapo. Feruzi iliyokolea iko nje ya rangi ambazo skrini nyingi zinaweza kutoa, kwa hiyo hata ungekuwa na simu ya bei gani, uzi halisi utakuwa umekolea kuliko unavyouona.

Halafu WhatsApp huibana picha ili iwe nyepesi. Katika kubana, mwanga na kivuli hutunzwa vizuri kuliko rangi, kwa hiyo mstari mwembamba wa rangi kati ya nyeupe hupauka. Kwenye blanketi lenye mistari minene hutaona tofauti kubwa. Kwenye ua lililodariziwa kwa nyuzi mbili, vena ya jani inaweza kugeuka kijivu. Mwombe mteja aitume kama `Document` badala ya picha ya kawaida. Itafika jinsi ilivyopigwa.

Kinachobaki salama ni uhusiano wa rangi zilizo ndani ya picha moja: ipi imekolea kuliko ipi, ipi ina unjano kuliko mwenzake. Zote zilikuwa chini ya taa moja na zimepita kamera moja. Hilo liamini. Rangi yenyewe, moja moja, usiiamini hadi upate kitu cha kuishikiza.

Simu mbele ya rafu

Hii ndiyo njia ya wengi na haina gharama. Ukiifanya kizembe ndiyo mbovu kuliko zote. Maduka mengi ya nyuzi mjini Moshi yana taa nyeupe za mrija ndani na turubai nje, na turubai likiwa la bluu kila koni ya uzi iliyo barazani imepakwa bluu kidogo. Krimu inaonekana nyeupe, kijani inaelekea feruzi. Unanunua, unafika nyumbani Majengo au Pasua, na unaanza kudhani muuzaji kakubadilishia mfuko.

Ukiamua kuitumia, anza na simu. Zima kichujio cha usiku, kile kinachofanya skrini iwe ya njano jioni. Kwenye iPhone kinaitwa `Night Shift`, na zima pia `True Tone`. Kwenye Samsung nyingi nenda `Settings > Display > Screen mode` uchague `Natural`, kwa sababu `Vivid` imetengenezwa ipendeze na hukoleza kila kitu. Kisha beba karatasi nyeupe ya kawaida. Toka nje na uzi, simama kivulini mahali penye anga wazi, wala si juani wala si chini ya turubai. Fungua kwenye simu ukurasa mweupe mtupu, weka karatasi pembeni yake, punguza au ongeza mwanga wa skrini hadi weupe wa skrini na weupe wa karatasi uwe karibu sawa. Sasa ndipo ufungue picha. Skrini inatoa mwanga wake yenyewe na uzi unarudisha mwanga wa nje. Usipovisawazisha, skrini inayowaka sana itakufanya uchague uzi mweupe kuliko unaotakiwa.

Uzi nao usiutazame ukiwa kwenye koni. Chota kama mita moja, uzungushe kidoleni mizunguko kumi iliyobanana. Uzi mmoja peke yake huonekana mwepesi, bonge zima huonekana limekolea, na kitambaa kilichofumwa kinakuwa katikati, kikielekea kwenye kukolea kwa sababu ya vivuli kati ya vitanzi.

Ukifanya yote hayo, umepata nini? Umepata njia nzuri ya kukataa. Katika kijani saba zilizoko rafuni utaondoa tano bila wasiwasi. Kati ya mbili zinazobaki, simu haina uwezo wa kukuamulia, na ukilazimisha utakuwa unabahatisha huku ukiamini umepima. Kwa mteja anayetaka "kijani kama hicho" inatosha. Kwa mteja anayetaka soksi za kuoanisha na blanketi alilonalo tayari, haitoshi.

Kuichota rangi kwa programu

Kuna programu za simu ambazo ukigusa sehemu ya picha zinakupa namba tatu, kiasi cha nyekundu, kijani na bluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Watu huziamini kwa sababu namba zinaonekana kama kipimo. Namba ni sahihi kweli, ila zinapima picha, na picha tumeshaona ilivyo. Faida yake ni kwamba zinakuwezesha kuisahihisha picha, jambo ambalo jicho haliwezi.

Tuchukue blanketi letu. Mteja alilitandika juu ya shuka jeupe, na hiyo ni bahati kubwa. Gusa shuka: programu inasoma 240, 226, 200. Kitu cheupe chini ya mwanga mweupe kingetoa namba tatu zinazokaribiana. Hapa bluu imepungua sana, maana yake picha ilipigwa ndani chini ya taa ya njano. Sasa gusa mstari wa damu ya mzee: 150, 60, 58. Kijani na bluu karibu sawa, yaani wekundu wa tofali.

Sahihisha hivi. Gawanya 240 kwa kila namba ya shuka: kwa kijani 240 kwa 226 ni 1.06, kwa bluu 240 kwa 200 ni 1.2. Zidisha namba za uzi kwa hizo: 60 inakuwa 64, na 58 inakuwa 70. Sasa uzi ni 150, 64, 70. Bluu imeipita kijani, wekundu umeelekea zambarau, na hapo ndipo damu ya mzee ilipo. Aliyenunua kwa kutazama picha bila kuisahihisha angechukua wekundu wa tofali, na mteja wa Dar angefungua kifurushi mchana na kuuliza hii ni nini.

Mipaka iko mingi. Gusa sehemu iliyolala bapa yenye mwanga wa wastani, kwa sababu uzi ule ule ndani ya mkunjo unaweza kusoma karibu nusu ya namba hizo. Gusa sehemu tano ulinganishe. Shuka lililofuliwa kwa sabuni za unga zenye ving'arisho, au kutiwa buluu, hung'aa kwa ubluu likiwa kwenye mwanga wa mchana, kwa hiyo picha ya nje ikisahihishwa kwa shuka kama hilo itavuka mpaka upande wa pili na kuwa na unjano mno. Karatasi nyingi za ofisini nazo zina tabia hiyo.

Na krimu ndiyo inayoishinda njia hii kabisa. Krimu chini ya mwanga mweupe na nyeupe chini ya mwanga wa njano hutoa namba zile zile. Kama ndani ya picha hakuna kitu cheupe unachokijua kwa hakika, hakuna programu itakayokuambia mstari ule ni krimu au ni mweupe. Muulize mteja. Swali la neno moja linaokoa pesa hapa kuliko hesabu yoyote.

Usijaribu kwenda mbele zaidi, kutoka namba za skrini hadi namba ya uzi. Orodha za kugeuza zipo mtandaoni, na ukifungua mbili utakuta hazikubaliani, kwa sababu kila aliyeitengeneza alianza na picha au mashine yake. Kilicho bora kidogo ni kuzipiga picha nyuzi zako mbili zilizobaki juu ya karatasi nyeupe, kuzisahihisha kwa hesabu hiyo hiyo, kisha kulinganisha namba kwa namba. Angalau hapo unalinganisha picha na picha.

Namba ya uzi kwenye mchoro

Mchoro ukija na namba, mjadala karibu umekwisha. Nyuzi za pamba za kudarizi zina bahati hii zaidi ya nyuzi za sweta: kampuni ya DMC, kwa mfano, ina rangi zipatazo 500 zenye namba zisizobadilika, na 310 ni nyeusi popote utakapoinunua. Kifungu kimoja ni mita 8, nyuzi sita zilizolala pamoja. Picha ya mchoro inaweza kuwa imepauka, imechanwa, imepigwa gizani; namba ikisomeka umepona.

Shida inaanza unapokuta duka lina nyuzi za kampuni nyingine. Kuna jedwali za kubadilisha, na kwa rangi kama nyeusi hazina ubishi: DMC 310 ni Anchor 403. Ukifika kwenye nyekundu 321, jedwali moja litakupa 9046 na jingine 47. Hakuna aliyekosea. Kampuni mbili hazikutengeneza rangi moja, na mwandishi wa jedwali alichagua iliyo jirani, kila mmoja kwa jicho lake.

Kwa hiyo kama mchoro una jani lenye kijani tatu, iliyokolea, ya kati na nyepesi, usibadilishe moja tu kwa sababu ndiyo iliyokosekana. Zibadilishe zote tatu ziwe za kampuni moja. Jicho la mtazamaji halijui 321 wala 47, linaona kama hatua kutoka giza kwenda mwanga zinapanda sawasawa. Kijani ya kati ya kampuni nyingine, hata ikiwa nzuri, mara nyingi hukaa karibu mno na mojawapo ya jirani zake na jani linakuwa la rangi mbili. Ili kujua, zipange nyuzi tatu juu ya kitambaa utakachodarizia, piga picha, igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Ukiona ngazi tatu za kijivu, endelea. Ukiona mbili, rudi dukani.

Kipimo hicho cha kijivu naona ndicho kinachosaidia kuliko vyote, na kinafaa pia kwenye sweta za maua ya rangi mbili. Nyekundu na kijani zinazopigana vizuri machoni zinaweza kuwa kijivu kimoja. Ukizifuma, ua linazama na ukiwa mita tatu mbali huoni kitu.

Kwenye nyuzi za sweta namba ina nguvu ndogo. Maduka mengi huuza akriliki ya koni kwa kupima uzito, na koni ikishachanganywa na nyingine namba haikufuati nyumbani. Ukipewa patani ya kigeni yenye jina la uzi na namba ya rangi, itumie kutafuta unene na aina ya uzi. Rangi utaitafuta kwa njia nyingine.

Uzi halisi mkononi

Njia hii ni ya polepole na ndiyo ninayoiamini. Ina sura mbili.

Ya kwanza ni kumwomba mteja atume kitu kinachoshikika. Kipande cha uzi cha sentimita 20, kona ya kitenge anachotaka kioane, kifungo. Kinaingia kwenye bahasha, bahasha inaingia kwenye basi la kutoka Dar, jioni iko Moshi. Kwa blanketi la zawadi linaweza kuonekana ni usumbufu. Kwa sweta thelathini za shule au sare za harusi, nauli ya bahasha ni ndogo kuliko bonge moja la uzi usiotakiwa.

Ukikipata, usikilinganishe chini ya taa moja tu. Nyuzi mbili zilizotiwa rangi kwa kemikali tofauti zinaweza kufanana kabisa chini ya taa ya mrija dukani na kuachana mchana, moja ikaenda kwenye ukahawia na nyingine kwenye zambarau. Hutokea hasa ukilinganisha pamba na akriliki, na rangi za kijivu, kaki na damu ya mzee ndizo zinazofanya hivyo mara nyingi. Zitazame kivulini mchana, kisha chini ya balbu ya nyumbani usiku. Zikikubaliana pande zote mbili, nunua. Zikikubaliana upande mmoja, amua kitu hicho kitavaliwa wapi. Sweta ya shule ni ya mchana. Kitambaa cha kochi kinatazamwa zaidi usiku, wageni wakiwa sebuleni.

Sura ya pili ni kadi yako mwenyewe. Chukua boksi gumu jeupe, toboa matundu pembeni, na kila uzi unaoununua uzungushe kwa upana wa sentimita moja, andika duka, tarehe na loti. Mteja mpya akiuliza, unaipiga picha kadi, hupigi picha rafu ya duka. Na hapa kuna hila ambayo sijui kwa nini haitumiki zaidi. Weka pembeni ya nyuzi kitu ambacho mteja naye anacho mkononi. Noti inafaa: ya 10,000 ina wekundu, ya 5,000 ina zambarau, ya 1,000 ina bluu. Piga picha nyuzi zikiwa karibu na noti yenye rangi inayokaribiana, mtumie, mwambie atoe noti yake aiweke pembeni ya simu yake. Kama noti ya kwenye skrini ina wekundu kuliko ya mkononi, basi na uzi umeongezewa wekundu kiasi hicho hicho. Noti ziwe safi zote mbili; noti iliyozunguka sokoni Mbuyuni miaka mitatu ina rangi ya Mbuyuni.

Kwa blanketi letu, noti ya 10,000 ndiyo iliyo jirani na damu ya mzee. Mteja hana haja ya kujua namba yoyote. Anajibu tu, "Iwe imekolea kidogo kuliko hiyo ya pili."

Loti

Sasa umeipata rangi. Rangi hiyo hiyo, kampuni hiyo hiyo, namba hiyo hiyo, inaweza kuwa mbili. Uzi hutiwa rangi kwa mkupuo, na kila mkupuo una kipimo chake cha rangi, joto lake, muda wake na maji yake. Tofauti ndogo kwenye mojawapo inatosha. Ndiyo sababu lebo huwa na namba mbili, ya rangi na ya loti. Ya rangi inakuambia kiwanda kilikusudia nini. Ya loti inakuambia kilichotoka.

"Mama, ni ile ile, angalia namba," kijana wa dukani atakuambia, na anaonyesha namba ya rangi kwa moyo safi kabisa. Mjibu kwa upole, "Mwanangu, nitafutie na hii ya chini iwe sawa." Kama uzi unazungushwa kutoka kwenye koni, lebo iko ndani ya koni au kwenye karatasi iliyofunika, omba uione uipige picha. Kama lebo imepotea, uliza kama uzi wote unaotaka unaweza kutoka kwenye koni moja.

Ukiwa na mabonge mawili bila uhakika, usiyatazame yakiwa yamekaa pamoja kwenye mfuko. Fuma mistari kumi ya moja na mistari kumi ya jingine juu yake, ining'inize, rudi nyuma hatua mbili na ufumbe macho nusu. Mpaka ukionekana kama mstari wa mlalo, ni loti mbili. Jicho linaweza kushindwa kutofautisha vipande viwili vilivyoachana, lakini vikigusana upana wa mgongo wa sweta linaona hata tofauti ndogo sana.

Dawa ya loti ni hesabu kabla ya kwenda dukani. Fuma kipande cha sentimita 10 kwa 10 kwa uzi wa aina hiyo na sindano hizo hizo, kipime. Tuseme gramu 5. Blanketi la sentimita 80 kwa 100 lina vipande 80 kama hicho, yaani gramu 400. Ongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya pindo na mikia, gramu 440. Damu ya mzee ikichukua nusu ni 220, krimu 110, kijani 110. Kama uzi unauzwa kwa mabonge ya gramu 100, damu ya mzee unanunua matatu, na hakuna swali.

Hiyo 110 ndiyo hatari. Mtu anaona bonge moja "litafika tu", na likikata zikiwa zimebaki sentimita chache anarudi dukani baada ya wiki mbili na kukuta loti nyingine. Ama nunua mawili ya krimu na mawili ya kijani siku hiyo hiyo, ama punguza upana wa mistari ya kijani na krimu hadi kila moja iwe gramu 90, na hiyo 40 iliyobaki iende kwenye damu ya mzee, ambayo kwa mabonge matatu bado itatosha. Mimi ningepunguza mistari. Mteja hataijua sentimita, ila kijani mbili ataziona.

Ukinaswa tayari na loti mbili, usibadilishe bonge katikati ya kazi. Anza kuchanganya mapema: mistari miwili ya loti ya kwanza, miwili ya loti ya pili, kwa kipande kirefu iwezekanavyo, na mpaka utayeyuka. Kwenye sweta, loti ya pili iweke kwenye kola, pindo la chini na miisho ya mikono, sehemu ambazo ufumaji wake tayari ni tofauti na hushika kivuli kwa namna yake. Kwenye blanketi la mistari una bahati: kati ya kijani na kijani kuna krimu, na loti mbili zisizogusana hazigombani.

Kwenye kudarizi mizani inageuka

Kitambaa cha meza chenye maua hakina eneo pana la rangi moja, kwa hiyo loti haina uzito mkubwa, isipokuwa umejaza mandhari yote au unadarizi seti ya vitambaa sita vya makochi vinavyokaa chumba kimoja. Kwa seti kama hiyo, gawa vifungu ili kila kitambaa kipate uzi kutoka loti moja, kuliko nusu ya ua kuwa na loti hii na nusu ile.

Kinachosumbua zaidi huku ni kitambaa chenyewe na mng'ao. Kijani ile ile juu ya kitambaa cheupe inaonekana imekolea, juu ya bluu bahari inaonekana imepauka. Linganisha uzi ukiwa umelala juu ya kitambaa chako, si juu ya meza ya duka. Nyuzi mbili sindanoni huacha kitambaa kichungulie, tatu hukifunika, na rangi inabadilika. Mshono wa kujaza ukienda wima na mwingine ukienda mlalo, uzi mmoja unatoa rangi mbili, kwa sababu pamba yenye mng'ao inarudisha mwanga kufuata mwelekeo wake. Na kama picha uliyotumiwa ilidariziwa kwa mashine ya kompyuta, uzi wake huenda ni poliesta au reyoni inayong'aa. Huwezi kuufikia kwa pamba ya mkono hata namba za rangi zikilingana. Ile alama nyeupe unayoiona katikati ya petali ni mwanga, usiinunulie uzi.

Kwa kudarizi, basi, namba ya mchoro kwanza, kipimo cha kijivu pili, na loti mwisho. Kwa sweta na blanketi, uzi halisi kwanza, loti pili, na programu pale tu picha ina kitu cheupe ndani yake. Simu mbele ya rafu ni ya kupunguza wagombea katika kazi zote mbili. Na kabla ya kupokea malipo ya kutangulizia, tuma picha ya nyuzi zilizokwisha kuchaguliwa, noti pembeni, na ujumbe mfupi: "Dada, hizi ndizo nyuzi nitakazotumia, nimeziangalia mchana. Linganisha na noti yako, ukikubali nitanunua zote leo, maana kesho loti inaweza kuwa imekwisha."